Chupa ya chai inaona nini? Taa za picha ya katalogi ndani ya kompyuta

Chukua chupa ya chai ya chuma cha pua, ile ya lita moja yenye kifuniko na mshikio wa plastiki nyeusi, uiweke mezani karibu na dirisha. Tazama ubavu wake kwa utulivu. Utaona mstari mrefu mweupe, ambao ni dirisha lenyewe. Pembeni yake kuna ukanda wa kijivu, na huo ni ukuta. Katikati kuna kivuli chembamba chenye umbo la mtu, ambaye ni wewe. Karibu kila unachokiona kwenye chuma kile ni taswira ya vitu vilivyokizunguka, na chuma chenyewe hakina rangi yake ya kuonyesha zaidi ya wekundu au ubuluu hafifu wanaoutambua wazoefu tu. Anayetaka kuipiga picha chupa hii kwa ajili ya katalogi, iwe kwa kamera au kwa kompyuta, anaanza na swali moja: chupa inaona nini?

Picha nyingi za bidhaa tunazoziona leo kwenye mitandao ya kuuzia vitu hazikupigwa na kamera yoyote. IKEA, kampuni ya samani ya Uswidi, ilianza na kiti kimoja cha mbao kiitwacho Bertil mwaka 2006, na kufikia mwaka 2014 ilikuwa ikieleza kwamba kiasi cha robo tatu ya picha zake za bidhaa zimetengenezwa kwa kompyuta. Leo kazi hiyohiyo inafanywa na kijana mwenye kompyuta ya wastani na programu ya Blender, ambayo hailipiwi. Ndani ya Blender kuna injini iitwayo Cycles inayofuatisha safari za miale ya mwanga mmoja mmoja, kutoka kwenye kamera hadi kwenye kitu na kutoka kwenye kitu hadi kwenye taa. Kwa kuwa inafuata tabia ya mwanga wa kweli, makosa ya mpiga picha wa studio yanajirudia humo bila kupungua.

Tuitumie chupa yetu kama mfano. Ina urefu wa sentimita 30 na kipenyo cha sentimita 12. Hakikisha vipimo hivyo ndivyo vinavyosomeka kwenye programu, kwa sababu modeli zinazotoka kwa wahandisi huingia mara nyingi zikiwa na vipimo vya milimita vilivyosomwa kama mita. Chupa ya mita 300 haitaonekana tofauti kwenye kioo cha kompyuta, lakini taa zote zitaonekana kana kwamba zimekufa, nawe utaongeza wati hadi uchoke bila kujua tatizo liko wapi.

Nyuma ya chupa tunahitaji mandhari isiyo na kona. Studio za picha hutumia bunda la karatasi pana, mara nyingi la mita 2.72, linaloning'inizwa juu ukutani na kushushwa hadi sakafuni kwa mkunjo mpana, hivi kwamba jicho halioni ukuta unapoanzia. Kwenye Blender unatandaza bapa moja la mita 3, unaunyanyua ukingo wake wa nyuma hadi mita 2, kisha unauviringisha ule mkunjo kwa Bevel yenye nusu kipenyo cha kama nusu mita na vipande visivyopungua 16. Mkunjo ukibanwa sana, ukanda wa kijivu utaonekana ukikatiza nyuma ya bidhaa, maana pale uso unageuka ghafla na mwanga unaupata kwa pembe nyingine. Iweke chupa mbele, mita moja hivi kutoka mkunjo unapoanzia. Kamera nayo iwe mita moja mbele ya chupa, usawa wa katikati yake, na lenzi ya milimita 100. Kwa fremu iliyosimama, hesabu hiyo inatoa kimo cha sentimita 36 cha kuonekana, na chupa inachukua zaidi kidogo ya asilimia 80 ya kimo hicho. Lenzi fupi itakulazimisha kuisogelea chupa, na mdomo wake utaonekana kama yai.

Sasa tuziwashe taa. Mpango wa taa tatu umerithiwa kutoka kwenye sinema, ambako ulitumika zaidi kwenye nyuso za watu. Taa kuu hutoka pembeni mbele na ndiyo inayotoa umbo. Taa ya kujaza hutoka upande wa pili ikiwa hafifu zaidi ili kivuli kisigeuke shimo, na taa ya nyuma hupiga ukingo wa nywele na mabega ili mtu asizame kwenye giza lililo nyuma yake. Uso wa mtu unaupokea mwanga na kuutawanya pande zote, kwa hiyo haijalishi sana taa ina umbo gani. Chuma hakitawanyi, kinaonyesha. Ndiyo maana mwanafunzi anayeweka taa tatu kama alivyofundishwa hupata chupa nyeusi yenye vijistari vitatu vyeupe, akadhani modeli yake ni mbovu.

Hebu tuone kinachotokea. Taa kuu ya aina ya Area ina ukubwa wa sentimita 10 kwa 10, iko sentimita 60 kutoka kwenye chupa, ikiwa nyuzi 60 upande wa kushoto wa kamera. Kwenye ubavu wa chupa itaonekana kama alama nyeupe yenye upana wa milimita 5 na urefu wa sentimita 6. Sehemu iliyobaki ya chuma inaakisi giza la chumba tupu, hivyo ni nyeusi. Ukiongeza wati, ile alama ndogo, ambayo tayari imeungua, inazidi kuungua, na weusi unabaki kuwa weusi. Hapa ndipo wengi wanapopoteza jioni nzima.

Dawa ni kuikuza taa. Ifanye iwe na upana wa sentimita 50 na urefu wa mita moja, ukiacha wati zilezile. Blender inahesabu wati kama jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa, kwa hiyo uso wa taa uliopanuka mara 50 unakuwa na ukali uliogawanywa kwa 50. Mwanga unaofika kwenye sakafu haubadiliki sana, lakini kile kinachoakisiwa na chuma kinabadilika kabisa: badala ya alama iliyoungua, sasa kuna mstari mpana wa sentimita 2 hivi, wenye weupe unaovumilika.

Jambo linalofuata ndilo wengi hawaambiwi. Ukiisogeza taa mbali, mwanga unaoangukia sakafu na kitambaa unapungua haraka. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga unabaki robo. Lakini taswira ya taa ndani ya chuma haipungui ukali hata kidogo. Inakuwa ndogo tu. Mwezi na taa ya chumbani vyote viwili huonekana kwenye kijiko kwa ung'avu wa sura zao zenyewe, haidhuru viko mbali kiasi gani. Kwa hiyo mtu anayetaka kupunguza ukali wa mstari kwenye chuma kwa kuirudisha taa nyuma anajisumbua. Aupanue uso wa taa au azipunguze wati. Umbali autumie kwa kazi nyingine, yaani kupanga upana wa mstari na ulaini wa kivuli.

Urefu wa taa pia una sababu yake. Ubavu wa chupa umepinda kwa upana tu. Kwa kimo umenyooka kama kioo cha ukutani. Mwale unaotoka kwenye kamera, ukagonga ncha ya juu ya chupa na kudunda, utafika umbali wa taa ukiwa na kimo cha kama sentimita 39. Ule unaogonga chini utaingia sakafuni kabla ya kuifikia taa. Hii ina maana kwamba taa inapaswa kuanzia karibu kabisa na sakafu na kupita sentimita 40 kwenda juu, la sivyo mstari mweupe utakatika katikati ya chupa. Ukiona mstari unaoishia njiani, usiguse wati. Ishushe taa.

Baada ya ukubwa na kimo, tunafika kwenye ulaini wenyewe. Taa bapa yenye weupe sawa kote inaacha mstari wenye kingo mbili kali, mithili ya utepe uliobandikwa juu ya chuma. Wapiga picha wa bidhaa huning'iniza kitambaa chepesi cheupe kati ya taa na bidhaa, kisha wanaisogeza taa ipige upande mmoja wa kitambaa, ili weupe uwe mkali upande ule na ufifie polepole kuelekea mwingine. Kwenye Blender njia nyepesi ni kuacha taa ya Area na kutumia bapa la kawaida lenye Emission, ambalo ukali wake unaongozwa na Gradient Texture iliyopitishwa kwenye ColorRamp. Upande wa bapa unaoangukia karibu na ukingo wa chupa uwe mkali, na upande unaoelekea katikati ushuke taratibu hadi giza. Faida nyingine ya bapa ni kwamba hesabu inakuwa rahisi: Strength ya 1 ni weupe kamili wa kioo cha kompyuta. Chuma cha pua kinarudisha kiasi cha asilimia 60 ya mwanga, hivyo Strength ya 1.5 hadi 1.7 kwenye sehemu kali zaidi ya bapa inakufikisha ukingoni mwa weupe bila kuunguza.

Ukali wa chuma chenyewe unapangwa kwa Roughness. Kwenye sifuri chupa ni kioo, nayo itaonyesha kila kosa la chumba. Kwenye 0.2 hadi 0.3 taswira zinaanza kuyeyuka pembezoni na chuma kinaonekana kama chuma cha dukani. Napendelea 0.22 kwa bidhaa hii. Wengi hupanda hadi 0.5 ili kuficha taa zilizopangwa vibaya, lakini wakifika huko chupa inafanana na bati lililopakwa rangi ya fedha, na mnunuzi anaona hivyo hata kama hajui kueleza.

Taa ya kujaza ni bapa la mita moja kwa mita moja upande wa kulia, umbali wa mita moja, Strength ya 0.4 hivi. Juu ya chuma haijazi kivuli, kwa sababu hakuna kivuli cha kujaza. Inaweka ukanda wa kijivu mahali ambapo pangekuwa na weusi, na ukanda ule ndio unaomwambia mtazamaji kwamba chupa ni ya mviringo. Ukiikaribia nguvu ya taa kuu, pande mbili zinafanana na chupa inalala bapa.

Taa ya tatu ndiyo yenye ugomvi. Jiulize chupa inaona nini kwenye kingo zake. Kitu kilicho ubavuni kabisa mwa chupa, nyuzi 90 kutoka kwenye kamera, taswira yake haionekani ukingoni kama tunavyodhani. Inaangukia kama asilimia 70 ya njia kutoka katikati kwenda ukingoni. Nusu yote ya mbele ya chumba inajitandaza kwenye sehemu kubwa ya katikati. Nusu ya nyuma, pamoja na mandhari, imebanwa kwenye vikanda viwili vyembamba vya kandokando, kila kimoja chini kidogo ya sentimita 2 kwa chupa yetu. Mandhari ikiwa nyeupe, vikanda vile vinakuwa vyeupe juu ya weupe, na chupa inapoteza ukingo. Mtu aliyefundishwa kwamba taa ya nyuma hutenganisha kitu na mandhari ataongeza taa ya nyuma, na ukingo utapotea zaidi.

Kwenye mandhari nyeupe, kinachotenganisha ni giza. Weka vibao viwili vyeusi, kimoja kila upande, nyuma kidogo ya chupa na nje tu ya fremu ya kamera. Mara moja mstari mwembamba mweusi unachora ukingo wa chuma kushoto na kulia. Ukivisogeza karibu na fremu, mstari unanenepa. Ukivipeleka mbali unakonda. Milimita 2 hadi 3 zinatosha. Tatizo ni kwamba kibao halisi kingezuia pia mwanga usifike kwenye mandhari na kuacha madoa ya kijivu. Hapa kompyuta inampita mpiga picha: kwenye mipangilio ya kibao, sehemu ya Ray Visibility, zima Diffuse na Shadow ukiacha Glossy, na kibao kitakuwepo kwa chuma peke yake.

Taa ya nyuma haijafukuzwa lakini. Kifuniko na mshikio ni plastiki nyeusi, na plastiki ina tabia tofauti na chuma. Ukiitazama kwa mbele inarudisha kiasi cha asilimia 4 tu ya mwanga, ndiyo maana taa kuu haionekani sana pale. Kadiri unavyoutazama uso wake kwa mlalo ndivyo inavyorudisha zaidi, na karibu na ukingo inafika robo na kupita. Taa nyembamba iliyosimama nyuma kushoto, nyuzi 150 kutoka kwenye kamera, inachora uzi mweupe kwenye kifuniko na kwenye mgongo wa mshikio, na bila uzi huo sehemu hizo mbili zinageuka doa jeusi lisilo na umbo. Lakini ili uzi ule uonekane vizuri kwenye plastiki, Strength inahitaji kufika 4, na kwenye chuma kiwango hicho kinaunguza na kufuta kazi ya vibao. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2023, Blender ina Light Linking, inayokuruhusu kuichagulia taa vitu itakavyoviangazia. Taa ya nyuma ifungie kwenye kifuniko na mshikio tu. Studio yenye kamera ingepiga picha mbili na kuziunganisha baadaye. Matokeo ni yaleyale.

Mtu akiitazama picha kwa hatua hii atalalamika kwamba karatasi nyeupe imetoka kijivu, na atakuwa sahihi. Taa zilizopangwa kwa kiasi cha kutounguza chuma hazina nguvu ya kuifanya sakafu iwe nyeupe. Usizipandishe. Ipe mandhari taa yake ya nne, pana, kutoka juu, nayo uifungie kwa Light Linking kwenye mandhari peke yake. Chupa bado itaiona sakafu nyeupe na kuiakisi sehemu yake ya chini, jambo ambalo tunalitaka, maana chupa isiyoiakisi sakafu inaonekana imebandikwa. Amazon inataka picha kuu ya bidhaa iwe na mandhari nyeupe kabisa, yaani 255 kwa rangi zote tatu, na hapo ndipo mipangilio ya rangi inapoingilia. Blender za karibuni huanza na AgX, inayobana weupe ili mwanga mkali ushuke kwa upole kama kwenye filamu. Ni nzuri kwa mandhari za machweo, lakini kwa katalogi inakuachia kijivu hafifu ambacho jicho lililochoka halikioni. Badilisha View Transform iwe Standard, kisha bofya na kushikilia kitufe cha kipanya juu ya picha iliyokamilika usome thamani. Mandhari ikisoma 1.0 au zaidi kwenye kila rangi, itatoka 255. Sehemu kali ya mstari wa chuma isome 0.9 hadi 0.95, iwe chini ya karatasi, ili chuma kisitoboke.

Usiifute kabisa alama ya kivuli chini ya chupa kwa kutafuta weupe huo. Pale kitako kinapogusa sakafu panatakiwa uzi mweusi mwembamba unaofifia ndani ya sentimita chache. Ukikosekana, kuza picha uangalie kama chupa imeelea nusu milimita juu ya sakafu, kwani hiyo ndiyo sababu ya mara kwa mara.

Mpango huu ukishakamilika unaweza kuuhifadhi na kubadilisha chupa tu: ya nusu lita, ya lita mbili, ya rangi. Kipenyo kikibadilika, vibao vyeusi ndivyo vya kwanza kusogezwa. Ila zamu ya sufuria ikifika, mpango hautafaa, kwa sababu mfuniko wake mpana unatazama juu. Kwa kamera iliyoinuliwa kidogo, mfuniko ule unaakisi ukuta wa nyuma na dari, mahali ambapo chupa haikuwahi kupaangalia, na hapo bapa kubwa lenye mteremko wa weupe linahitajika juu na nyuma ya sufuria kabla ya taa nyingine yoyote kuwashwa.